Sarafu yenye mizani

Shemeji yangu wa Bagamoyo alikuwa anachimbisha shimo la choo nyuma ya nyumba. Mafundi walipofika kama mita moja chini, sururu ikatoa kisarafu cha kijani, kimejaa udongo. Jioni akanitumia picha mbili kwa simu, na chini yake ujumbe mfupi: “Naona sita sita. Si itakuwa ya 1966 hii? Nimpe mtoto achezee?”

Kosa lake lilikuwa la maana. Mwaka 1966 ndipo Tanzania ilipotoa sarafu zake za kwanza, na mtu aliyekua akishika senti hamsini zenye sungura ana haki ya kuwazia huko. Lakini picha ilikuwa imepinduliwa kichwa chini. Kile alichosoma “66” kilikuwa tisa mbili za Kiarabu. Tisa ya Kiarabu inafanana na tisa tunayoijua, kichwa cha duara na mguu ulionyooka, na ukiigeuza juu chini inakuwa sita safi kabisa. Kutoka hapo tukaanza upya, na nitaeleza tulivyokwenda, kwa sababu sarafu za aina hii ni za kawaida katika ardhi ya pwani yetu na makosa ya kuzisoma ni yale yale.

Kwanza nilimwomba asiioshe. Mtu akiokota shaba ya kijani mkono wake unakimbilia limau, ukwaju, majivu au ile dawa ya kung’arishia vyombo. Asidi ya limau haichagui. Inakula ule ukijani pamoja na nakshi iliyobaki ndani yake, na kinachobaki ni kipande cha rangi ya waridi chenye vishimo, kisicho na maandishi. Kwenye sarafu iliyokaa ardhini zaidi ya miaka mia, mara nyingi herufi hazipo tena kwenye shaba yenyewe. Zimebaki kwenye tabaka la kutu lililoshika umbo lake. Ukiondoa tabaka umeondoa maandishi. Udongo mkavu unaweza kudondoshwa kwa kijiti cha mwanzi au mwiba wa ndimu, taratibu, na maji safi yakitumika basi sarafu ikaushwe vizuri siku hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, mikono mfukoni.

Jambo la pili lilikuwa picha. Zile alizotuma zilipigwa kwa mwanga wa simu yenyewe, na mwanga wa mbele unafuta kila kitu, kwa sababu nakshi iliyochakaa inaonekana kwa kivuli chake tu. Nikamwambia aiweke sarafu juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha asubuhi, azime taa, mwanga uje kutoka upande mmoja ukiwa chini chini, na rula ya mwanafunzi ilale pembeni ionekane na alama zake za milimita. Apige upande wa kwanza, kisha aizungushe sarafu robo duara apige tena, mpaka apate picha nne za kila upande. Mstari ambao haukuonekana mwanga ukitoka kushoto unajitokeza mwanga ukitoka juu. Mwisho apige ukingo.

Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu unawanasa. Macho yetu yamezoea mwanga kutoka juu. Ukitazama picha ya sarafu ambayo mwanga wake umetoka chini, herufi zilizoinuka zinaonekana zimechimbwa, na vishimo vya kutu vinaonekana kama vinundu. Ukiona sarafu ya kawaida ina maandishi “yaliyozama”, igeuze picha juu chini kabla ya kutangaza umepata kitu cha ajabu. Tena usitumie kamera ya mbele, ile ya kujipiga mwenyewe. Baadhi ya simu huhifadhi picha zake kama kioo, na hapo maandishi ya Kiarabu yanaanza kushoto na ustadhi hawezi kukusaidia.

Picha mpya zilipokuja, rula ilionyesha kama milimita 25. Shemeji akaipitisha kwa sonara, mizani yake ikasema gramu 5.9. Akafurahi, akadhani sasa tumeijua. Bado.

Ukubwa na uzito huo haukuwa na jibu moja, na kisa chake kinafaa kueleweka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 biashara ya pwani ilizoea rupia ya India, na rupia moja ilivunjwa kuwa vipande 64 vya shaba. Huko India kipande hicho kiliitwa paisa, ndipo tulipopata neno pesa. Kila aliyetaka kutengeneza shaba yake ili ipokelewe dukani alilazimika kuifanya iwe na kipimo kile kile, yaani milimita 25 hivi na gramu kama 6.5 ikiwa mpya. Kampuni ya Waingereza ya India ilifanya hivyo. Sultani Barghash wa Zanzibar alifanya hivyo. Kampuni ya Waingereza iliyokaa Mombasa ilifanya hivyo mwaka 1888, na Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ikafuata kuanzia 1890. Kwa hiyo shimo moja la choo Bagamoyo, Lamu au Tanga linaweza kutoa sarafu nne za watawala wanne tofauti, na sonara akizipima kwa macho yamefumbwa hatazitofautisha. Uzito unakuambia ni familia gani. Jina la mtoto linasomwa usoni.

Usoni mwa hii, upande mmoja, palikuwa na mstari mmoja mlalo na chini yake vitu viwili vinavyoning’inia. Shemeji aliona nira ya ng’ombe. Mimi niliona mizani: mhimili juu, kamba, na sahani mbili. Alama hii kwenye shaba ya pwani ni ya kawaida mno, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia kusema “ni ya Barghash” na kufunga mjadala. Mizani hakuianza Barghash. Kampuni ya India ilikuwa imeichora kwenye robo ana zilizofuliwa Bombay miaka ya 1830, pamoja na neno la Kiarabu “adl”, maana yake haki, ili mnunuzi asiyejua Kiingereza aelewe kuwa kipimo ni cha kweli. Watu wakaizoea. Waliokuja baadaye wakaichukua kama vile dukawala anavyochukua rangi ya paketi inayouzika.

Basi mizani tatu, na cha kutofautisha ni kilichoko upande wa pili. Robo ana ya Bombay ina nembo ya Kampuni yenye simba wawili waliosimama wakishika ngao. Hata ikichakaa, utaona maumbo mawili yanayotazamana na kitu kama kitabu katikati. Pice ya Mombasa ina jua linalotoa miale na taji, imezungukwa na herufi za Kilatini, na mahali fulani juu ya sarafu hiyo limeandikwa MOMBASA pamoja na mwaka 1888. Ya Barghash haina herufi hata moja ya Kilatini. Upande wake wa pili ni maandishi matupu ya Kiarabu, mistari iliyorundikana mmoja juu ya mwingine. Ya Wajerumani unaitoa kwenye orodha mapema kwa sababu haina mizani. Ina tai aliyekunjua mbawa, na mwaka wa kizungu upande wake, na Kiarabu upande wa pili.

Sarafu ya shemeji ilikuwa na vilima vya maandishi upande wa pili, vimelainika kama sabuni iliyotumika. Hakukuwa na dalili ya simba wala miale. Lakini kukosekana kwa kitu kwenye sarafu iliyochakaa si ushahidi, kwa kuwa huenda kilikuwepo kikafutika. Tulihitaji kitu kilichopo. Hapo nilimwomba aipeleke kwa mwalimu wa madrasa wa mtaani, kwa sababu mtu anayesoma hati ya Kiarabu kila siku anaziona herufi pale sisi tunapoona mikwaruzo tu. Nilimpa tahadhari moja: mwandishi wa sarafu hubana herufi zikae ndani ya duara, neno linapanda juu ya neno, kwa hiyo asisome kama ukurasa wa kitabu. Atafute nukta. Nukta ni vidoto vidogo vilivyoinuka, na kwa sababu ni vifupi na vimesimama kati ya herufi ndefu, mara nyingi herufi humezwa na mikono ya watu, nukta zikabaki zimejificha chini yake.

Ustadhi akakuta nukta tatu zimekaa pamoja kama mafiga. Katika Kiarabu cha kawaida nukta tatu juu ni shini au tha. Kabla yake palikuwa na nukta moja juu ya kitu cha duara, ghaini. Nyuma zaidi, mkia wa ra unaoshuka. Ra, ghaini, shini. Jina Barghash linaishia hivyo hivyo, na mwanzo wake ni ba ambayo nukta yake iko chini. Baada ya hapo alisoma kwa urahisi zaidi, kwa sababu alijua anachotafuta: bin Said, na chini kabisa sehemu ya dua ya kumwombea sultani hifadhi ya Mungu. Nakiri kwamba mtu akishajua anachotafuta anaweza kukiona hata kisipokuwepo, ndiyo maana nilitaka mwaka ukubaliane.

Mwaka uko upande wa mizani. Tarakimu za Kiarabu, tofauti na herufi zake, zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama zetu. Moja ni kijiti. Mbili ni kijiti chenye ndoano moja kichwani, tatu ina ndoano mbili, na sarafu ikichakaa jino la pili la tatu hufutika ikawa mbili. Tano ni duara, na sifuri ni nukta tu, kwa hiyo mtu asiyejua anaisoma tano kuwa sifuri, na sifuri anaidhani kishimo cha kutu. Saba ni kama herufi V, nane ni V iliyopinduliwa, na hizo mbili zinabadilishana ukigeuza picha. Njia ya kujua kama umeishika sarafu sawasawa ni kuangalia tarakimu ya kwanza. Sarafu hizi za pwani za karne ya 19 huanza na moja, kisha mbili au tatu, kwa sababu ni miaka ya Hijria kati ya 1200 na 1300 na kitu. Ukipata mwaka unaoanza na sita au tisa, geuza.

Tuligeuza. Kijiti, kijiti chenye ndoano moja, tisa, tisa: 1299. Ili kuupeleka kwenye mwaka wa Miladi, gawa kwa 33, toa jibu kutoka kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. 1299 gawa kwa 33 ni 39 na kidogo. 1299 toa 39 ni 1260. Ongeza 622, unapata 1882. Hesabu hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi na hauanzi Januari, na kwa kweli 1299 ilianza Novemba 1881 ikaisha Novemba 1882. Barghash alitawala kutoka 1870 hadi 1888. Jina, mwaka na mizani vikawa vinasema jambo moja. Hapo nikasema ndiyo.

Sarafu ya Wajerumani inakupa raha zaidi hapa kwa sababu inabeba miaka miwili, mmoja kila upande, na unaweza kuipima yenyewe kwa yenyewe. Yenye 1890 upande wa tai ina 1307 upande wa Kiarabu. Fanya hesabu uone: 39 inatoka, 1268, ongeza 622, ni 1890. Ukikuta miaka miwili inayopishana kwa kumi au ishirini, basi umesoma tarakimu vibaya au sarafu hiyo imetengenezwa juzi.

Kilichobaki ni ule uchakavu, na binafsi ndio sehemu ninayoipenda kuliko jina la sultani. Sarafu ina makovu ya aina mbili na watu wanayachanganya. Uchakavu wa mkono ni laini. Unaanza sehemu zilizoinuka zaidi, unazifanya bapa, unaacha mabonde yakiwa mazima. Kutu haijali kilichoinuka wala kilicholala. Inakula popote, inaacha vishimo vyenye kingo kali, na mara nyingi upande mmoja umeliwa zaidi kwa sababu sarafu ililala vile vile ardhini miaka yote. Katika picha ya shemeji mhimili wa mizani ulikuwa bapa na mpana, umesuguliwa, ilhali kamba nyembamba kati yake na sahani bado zilionekana kwa sababu zimekaa chini kidogo. Huo ni mkono wa watu. Ilipita sokoni miaka mingi kabla ya kuanguka. Kwa hiyo kusema “shimo hili ni la 1882” ni kosa. Mwaka juu ya sarafu unakuambia haikuanguka kabla ya hapo, basi. Ikiwa imelainika kiasi hiki, yawezekana ilidondoka Wajerumani wakiwa wameshajenga boma.

Upungufu wa uzito, kutoka 6.5 hadi 5.9, umegawanyika kati ya mikono na kutu, na hakuna namna ya kuutenganisha kwa picha. Mkwaruzo mmoja mrefu ulikuwa unang’aa rangi ya waridi, hauna kijani ndani. Huo si historia, ni sururu ya fundi. Mkwaruzo wa zamani ungekuwa na rangi ile ile ya sarafu.

Kulikuwa pia na tundu karibu na ukingo. Tundu la makusudi linajulikana kwa sababu ni la duara, na shaba iliyosukumwa inaacha mdomo mdogo upande lilikotokea. Sarafu nyingi za zamani zilitobolewa zikavaliwa shingoni au zikafungwa kwa mtoto. Hili lilikuwa limerefuka kuelekea ukingo, kama yai, na hivyo ndivyo uzi unavyofanya sarafu ikining’inia muda mrefu: unakata shaba upande wa juu. Tazama pia tundu liko wapi. Hapa lilikuwa juu ya mizani, na mizani ikasimama wima. Aliyetoboa alijua upande anaotaka uonekane, au hakujua kusoma upande ule mwingine, na mizani ikamvutia.

Kijani chenyewe nacho kinasomeka. Kijani kizito, kigumu, laini kama kimepakwa rangi, kimetulia na kinalinda shaba iliyo chini yake. Kiache. Kinachotisha ni vidoa vya kijani cheupe, vya ungaunga, vinavyodondoka ukivigusa na kurudi baada ya wiki. Huo ni ugonjwa wa shaba: chumvi ya baharini imeingia ndani ya shaba na kila unyevu ukija inaendelea kula. Bagamoyo, na mchanga wake wa pwani, ni mahali pake. Vidoa vya hivyo havitibiwi na kitambaa. Weka sarafu kwenye chupa ndogo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, uviache vinyonye unyevu, na usiichanganye na sarafu nyingine.

Shemeji aliuliza bei, kama kila mtu. Pesa za Barghash za 1299 zilitengenezwa nyingi, na iliyochakaa na kutobolewa haimnunulii mtu bodaboda. Akauliza pia kuhusu zile habari za mjini kwamba rupia ya Mjerumani inavuta mchele. Rupia ya Mjerumani ni fedha ya gramu 11.66 na haivuti kitu. Tena jaribu sumaku: shaba na fedha hazishikwi na sumaku, kwa hiyo “rupia” inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa, na anayekuonyesha anataka hela zako. (Hela yenyewe, kwa njia, ni heller ya Wajerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1904 na kuifukuza pesa hii ya mizani.)

Sheria ni swali zuri kuliko bei. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, kwa hiyo sarafu ya 1882 peke yake iko nje ya mstari huo. Kenya imechora mstari kwingine: Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Pesa hii hii ikichimbuliwa Malindi inaingia ndani ya ulinzi. Na popote pale, kama chini yake kuna vigae vya vyungu, shanga au ukuta wa matumbawe, simamisha chimbo na uwaite watu wa makumbusho, kwa sababu hapo sarafu ndiyo ndogo kuliko vyote. Vivyo hivyo ukipata kisarafu chembamba cha shaba, kidogo kuliko hii, kisicho na mwaka, kina mistari mifupi ya Kiarabu pande zote mbili. Hizo huenda ni za masultani wa Kilwa, za karne nyingi kabla ya Barghash, na njia ya mwaka niliyoeleza haizifai. Zinajulikana kwa majina ya masultani na mtindo wa maandishi, na huo ni usomaji wa mtu mwenye sarafu nyingine mia za kulinganisha.

Nilimwambia shemeji aandike kwenye bahasha ndogo mahali ilipopatikana, kina chake, tarehe, na nani aliichimbua, kisha aiweke pamoja na chupa. Akaandika “choo, mita moja, fundi mrefu”. Mtoto hakupewa.